Kutoka vekta zozote hadi mstari unaokaa kwenye vipimo: mwongozo kamili wa vekta othonomali na miraba midogo

Daftari nyingi za zoezi hili la kutafuta mstari unaokaribia vipimo zaidi, ambazo nimesahihisha, hukwama mahali pawili tu. Mmoja anachukua vipimo vyake, anatafuta kivuli chake juu ya kila vekta aliyopewa, anajumlisha vivuli, kisha anashangaa mstari wake unapita hewani, mbali na nukta zote. Mwingine anafanya kila kitu sawasawa hadi karibu na mwisho, anapata namba mbili safi, anazipigia mstari chini kama jibu, kumbe bado hatua moja.

Hapa tutatembea na mfano mmoja mdogo, namba zake zinafanyika kwa mkono. Fanya na wewe kwenye karatasi huku ukisoma. Kwa kusoma tu, kila hatua itaonekana rahisi, na makosa yale mawili yatakusubiri siku ya mtihani.

## Unachohitaji

Karatasi, kalamu, na kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili. Kompyuta yenye Python na NumPy itatumika mwishoni, lakini si lazima.

Unahitaji pia vipimo. Vyetu ni vya springi iliyoning'inizwa kwenye stendi ya maabara, ikafungwa uzito mara nne, na urefu wake ukasomwa kwa rula:

| Uzito x (mamia ya gramu) | Urefu b (sentimita) |
|---|---|
| 1 | 12.1 |
| 2 | 13.9 |
| 3 | 16.2 |
| 4 | 17.8 |

Na uwe na mambo mawili kichwani. La kwanza ni zao la nukta: zidisha namba zilizo kwenye nafasi moja, kisha jumlisha. Zao la nukta la (1, 2) na (3, 5) ni 3 + 10 = 13. Likitoka sifuri, vekta hizo mbili zimekutana kwa pembe mraba. La pili ni urefu wa vekta: kipeuo cha pili cha zao la nukta la vekta na yenyewe.

Vekta zikiwa zimekaa pembe mraba kila moja na mwenzake, na kila moja ina urefu wa 1, tunaziita othonomali. Basi, hakuna siri nyingine ndani ya neno hilo.

## Hatua ya 1: Geuza jedwali kuwa vekta

Tunataka mstari wa aina hii: urefu = p + m·x. Herufi p ni urefu wa springi kabla ya kufungwa kitu, na m ni sentimita zinazoongezeka kwa kila gramu 100.

Andika mlinganyo mmoja kwa kila kipimo, yote minne, kisha isome kwenda chini badala ya kwenda kulia. Utaona vekta tatu:

a1 = (1, 1, 1, 1)
a2 = (1, 2, 3, 4)
b = (12.1, 13.9, 16.2, 17.8)

Swali sasa ni kutafuta p na m ili p·a1 + m·a2 iwe sawa na b.

Usiiache a1. Wengi huiona haina kazi kwa kuwa ni moja tupu, lakini ndiyo inayobeba p. Ukiiondoa umelazimisha mstari upite kwenye sifuri, yaani umesema springi isiyo na uzito haina urefu.

Sasa angalia b. Kutoka kipimo hadi kipimo inaongezeka 1.8, kisha 2.3, kisha 1.6. Mstari mnyoofu ungeongezeka sawasawa. Kwa hiyo hakuna p na m zinazofikia b kamili, na ukianza kutatua milinganyo minne kwa njia ya kawaida utagonga ukuta.

Jumla zote za aina ya p·a1 + m·a2 zinafanya bapa, na b imeelea nje ya bapa hilo. Tunachoweza ni kutafuta nukta ya bapa iliyo karibu zaidi na b. Nayo ni kivuli cha b jua likiwa utosini, miale ikishuka wima juu ya bapa. Vitabu hukiita projeksheni. Umbali kati ya b na kivuli, ukiinuliwa kipeo cha pili, ni jumla ya miraba ya makosa ya vipimo vyote vinne. Ndiyo maana nukta iliyo karibu zaidi na jibu la miraba midogo kabisa ni kitu kimoja.

## Hatua ya 2: Ona kwa nini njia ya mkato inakataa

Kivuli cha b juu ya vekta moja kinapatikana hivi: zao la nukta la b na vekta hiyo, gawanya kwa zao la nukta la vekta na yenyewe, kisha zidisha vekta yenyewe. Kishawishi ni kufanya hivyo kwa a1, kufanya hivyo kwa a2, halafu kujumlisha.

Jaribu. Kwa a1: 60 ÷ 4 = 15. Kwa a2: 12.1 + 27.8 + 48.6 + 71.2 = 159.7, gawanya kwa 30, unapata 5.32. "Mstari" wako ni 15 + 5.32x. Kwa gramu 400 unakuambia springi ina urefu wa sentimita 36.3. Rula ilisoma 17.8.

Kilichotokea ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Zao la nukta la a1 na a2 ni 10, si sifuri, maana yake a2 imeinamia upande wa a1, na sehemu ya b iliyokwisha kuchukuliwa na a1 imechukuliwa tena na a2. Vivuli vinajumlishwa pale tu vekta zinapokuwa za pembe mraba. Kazi yote ya hatua mbili zinazofuata ni kuzinyoosha vekta hizi zifikie hali hiyo, bila kubadilisha bapa lenyewe. Njia inaitwa Gram-Schmidt.

## Hatua ya 3: Vekta ya kwanza, ipe urefu wa 1

Urefu wa a1 ni kipeuo cha pili cha 4, yaani 2. Gawanya:

q1 = ½(1, 1, 1, 1)

Andika pembeni: a1 = 2·q1. Kumbukumbu hizi za pembeni ndizo zitakazokuokoa kwenye hatua ya 6, kwa hiyo zitengee sehemu yake kwenye karatasi.

## Hatua ya 4: Vekta ya pili, iondolee kivuli

Zao la nukta la q1 na a2 ni ½(1 + 2 + 3 + 4) = 5. Kivuli cha a2 juu ya q1 basi ni 5·q1 = (2.5, 2.5, 2.5, 2.5). Kitoe:

u2 = (1, 2, 3, 4) − (2.5, 2.5, 2.5, 2.5) = (−1.5, −0.5, 0.5, 1.5)

Kilichobaki ni sehemu ya a2 isiyo na chochote cha a1. Ukitazama vizuri, umeondoa wastani tu: kila x imepungua kwa 2.5. Waliosoma takwimu wamefanya jambo hili mara nyingi bila kuambiwa jina lake.

Jaribio: jumlisha namba za u2. Ukipata sifuri, u2 iko pembe mraba na q1. Usipopata, simama hapo hapo. Kosa lililopita hatua hii halijirekebishi mbele.

Urefu wa u2: 2.25 + 0.25 + 0.25 + 2.25 = 5, kwa hiyo ni √5. Gawanya, na toa nusu nje ili namba ziwe nzima:

q2 = (1/(2√5))·(−3, −1, 1, 3)

Pembeni andika: a2 = 5·q1 + √5·q2.

Tahadhari mbili. Iache √5 kama ilivyo, usiandike 2.24; baadaye itajifuta yenyewe, na aliyekadiria mapema anabaki na makombo ya desimali. Na unapotoa kivuli, tumia q1 iliyokwisha kupewa urefu wa 1. Wapo wanaochukua zao la nukta la a1 na a2, ambalo ni 10, kisha wanatoa 10·a1. Wanapata (−9, −8, −7, −6), vekta ambayo haiko pembe mraba na chochote hapa. Ukitaka kutumia a1 yenyewe inawezekana, lakini lazima ugawanye kwa 4 kwanza.

## Hatua ya 5: Tafuta kivuli cha b

Sasa kujumlisha kunaruhusiwa, na hakuna cha kugawanya kwa sababu urefu wa kila q ni 1.

Zao la nukta la q1 na b: ½ × 60 = 30.

Zao la nukta la q2 na b: (−36.3 − 13.9 + 16.2 + 53.4) ÷ (2√5) = 19.4 ÷ (2√5) = 9.7/√5, ambayo ni karibu 4.34.

Kivuli ni 30·q1 + (9.7/√5)·q2. Zidisha, na √5 mbili zinakutana na kuwa 5:

15·(1, 1, 1, 1) + 0.97·(−3, −1, 1, 3) = (12.09, 14.03, 15.97, 17.91)

Linganisha na vipimo: 12.1, 13.9, 16.2, 17.8. Namba zinafuatana kwa karibu, na zinapanda kwa hatua sawa ya 1.94 kila mara. Kama kivuli chako hakipandi kwa hatua sawa, hakiko kwenye bapa, na umekosea kuzidisha mahali fulani.

## Hatua ya 6: Rudi kwenye p na m

Hapa ndipo kosa la pili linapoishi. Mwanafunzi anaona 30 na 4.34, anaandika "urefu = 30 + 4.34x", anafunga daftari. Lakini 30 na 4.34 zinahesabu hatua kando ya q1 na q2. Springi haizijui q hizo, inajua gramu.

Chukua kumbukumbu za pembeni na uziweke ndani ya p·a1 + m·a2:

p·(2·q1) + m·(5·q1 + √5·q2) = (2p + 5m)·q1 + (√5·m)·q2

Hii lazima iwe sawa na 30·q1 + (9.7/√5)·q2. Linganisha q1 na q1, q2 na q2:

2p + 5m = 30
√5·m = 9.7/√5

Anza chini uende juu, kwa kuwa mlinganyo wa chini una herufi moja tu. m = 9.7 ÷ 5 = 1.94. Kisha 2p = 30 − 9.7 = 20.3, na p = 10.15.

urefu = 10.15 + 1.94x

Namba 2, 5 na √5 zikipangwa kwenye matrisi zinafanya pembetatu, sifuri upande wa chini kushoto. Matrisi hiyo huandikwa R, na vekta za q zikisimama kama safuwima huandikwa Q. Ukikutana na QR mahali popote, ni haya haya uliyoyafanya kwa kalamu.

Kwa maana ya maabara: gramu 100 zinavuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 0.981, na springi inaongezeka sentimita 1.94, kwa hiyo ugumu wake ni kama nyutoni 50.6 kwa mita. Kuhusu p, kuwa mwangalifu. Springi ambazo mizunguko yake imebanana hazianzi kufunguka mpaka zivutwe kiasi fulani, kwa hiyo ukiipima bila uzito unaweza kukuta ni ndefu kuliko 10.15. Hesabu haijakosea hapo. Mstari unasema habari za gramu 100 hadi 400, na sifuri iko nje ya eneo hilo.

## Hatua ya 7: Pima mabaki

Toa kivuli kutoka kwa b:

mabaki = (0.01, −0.13, 0.23, −0.11)

Majaribio ni mawili, na yote lazima yatoe sifuri. Zao la nukta na a1: 0.01 − 0.13 + 0.23 − 0.11 = 0. Zao la nukta na a2: 0.01 − 0.26 + 0.69 − 0.44 = 0. Mabaki yamesimama wima juu ya bapa, kwa hiyo hakuna p na m nyingine zitakazokaribia zaidi.

Jaribio la kwanza peke yake halitoshi. Mstari wowote unaopita kwenye wastani wa x na wastani wa b, hata wenye mteremko wa ovyo, utakupa jumla ya mabaki sifuri. La pili ndilo linalokagua mteremko.

Jumla ya miraba: 0.0001 + 0.0169 + 0.0529 + 0.0121 = 0.082. Baki kubwa ni milimita 2.3, kwenye kipimo cha tatu. Kwa rula ya milimita na springi inayochezacheza, ningekubali. Lingekuwa sentimita mbili, ningerudi kwenye stendi kufunga tena gramu 300 kabla ya kugusa hesabu.

## Hatua ya 8: Ukitaka mkunjo, ongeza vekta moja tu

Hapa othonomali inaanza kulipa. Tuseme mtu anadai springi haiendi kwa mstari mnyoofu, inafuata p + m·x + n·x². Hatuanzi upya. Tunaongeza a3 = (1, 4, 9, 16) na kuiondolea vivuli viwili.

Zao lake la nukta na q1 ni 15, na lile la nukta na q2 ni 5√5. Toa vyote:

u3 = (1, 4, 9, 16) − (7.5, 7.5, 7.5, 7.5) − (−7.5, −2.5, 2.5, 7.5) = (1, −1, −1, 1)

Urefu wake ni 2, kwa hiyo q3 = ½(1, −1, −1, 1). Zao la nukta la q3 na b ni ½(12.1 − 13.9 − 16.2 + 17.8) = −0.1.

Zile 30 na 9.7/√5 hazikuguswa. Na kwa kuwa q3 iko pembe mraba na wenzake, mchango wake katika kupunguza miraba unasomeka papo hapo: (−0.1)² = 0.01. Jumla ya miraba inashuka kutoka 0.082 hadi 0.072, basi. Kwa faida hiyo, mimi nabaki na mstari mnyoofu. Kumbuka pia kwamba tuna vipimo vinne tu. Vekta ya nne ingepeleka mabaki hadi sifuri kamili bila kutufundisha lolote kuhusu springi.

Ukitaka kuuandika mkunjo hata hivyo, rudi tena kwa kumbukumbu: a3 = 15·q1 + 5√5·q2 + 2·q3. Kutoka chini, n = −0.05, m = 2.19, p = 9.9. Ona kwamba p na m zimebadilika ingawa namba za q hazikubadilika. Hilo huwachanganya watu, lakini ni sawa: x² imeinamia x, na sasa zinagawana kazi.

## Mahali inapovunjika

Vekta ikiondolewa vivuli ikabaki sifuri, ilikuwa tayari ndani ya bapa, haina jipya. Hutokea mtu anapoweka safu ya gramu na safu ya kilo za uzito ule ule. Iondoe, endelea bila hiyo.

Hatari zaidi ni ile inayobaki *karibu* sifuri. Chukua miaka badala ya uzito: 2021, 2022, 2023, 2024, pamoja na miraba yake. Kwa hesabu kamili, u3 inatoka ile ile (1, −1, −1, 1). Lakini mraba wa 2021 ni 4,084,441, namba ya tarakimu saba, na wewe unatoa mamilioni kutoka kwa mamilioni ili ubaki na 1. Aliyebeba tarakimu sita tu njiani anabaki na takataka, kisha anaigawanya kwa urefu wake na kuivisha heshima ya vekta ya urefu wa 1. Dawa ni kuondoa wastani kwanza: tumia −1.5, −0.5, 0.5, 1.5 badala ya miaka yenyewe.

Kwenye kompyuta, mpangilio wa kuondoa vivuli nao una athari. Programu hii hupima kila kivuli kwenye vekta *iliyokwisha* kuondolewa vivuli vya awali, si kwenye ile ya mwanzo:

```python
import numpy as np

x = np.array([1., 2., 3., 4.])
b = np.array([12.1, 13.9, 16.2, 17.8])
A = np.column_stack([np.ones(4), x])

Q = A.copy()
n = A.shape[1]
R = np.zeros((n, n))
for j in range(n):
    for i in range(j):
        R[i, j] = Q[:, i] @ Q[:, j]
        Q[:, j] -= R[i, j] * Q[:, i]
    R[j, j] = np.linalg.norm(Q[:, j])
    Q[:, j] /= R[j, j]

print(np.linalg.solve(R, Q.T @ b))
print(np.abs(Q.T @ Q - np.eye(n)).max())
```

Mstari wa kwanza wa majibu utatoa 10.15 na 1.94. Ukiandika `A[:, j]` badala ya `Q[:, j]` kwenye mstari wa `R[i, j]`, kwa karatasi ni kitu kile kile, lakini kwa vekta tatu au zaidi zinazokaribiana sana, makosa ya kukadiria hujilimbikiza na vekta zako zinaacha kuwa pembe mraba.

Ukilinganisha na `np.linalg.qr(A)` unaweza kukuta alama za kutoa pale ulipo na za kujumlisha, ndani ya Q na ndani ya R. Usihangaike. Kugeuza q kuelekea upande wa pili hakubadilishi bapa, na p na m zitatoka zile zile.

Namba ya pili inayochapishwa ni ya kukagua pembe mraba. Kwa springi yetu itakuwa sifuri au karibu 1e-16. Kwa data yako ikifika 1e-8 au zaidi, chukua kila vekta uliyokwisha kuiondolea vivuli na uiondolee tena mara ya pili kabla ya kuigawanya kwa urefu wake, huku ukijumlisha vivuli vya mara ya pili kwenye R.